Kihisi ndani ya kizimba cha ngege: megahezi 27, 433 au 868?

Fundi_Dunga
Wadau, salaam kutoka Kisumu. Nina mteja mwenye vizimba vya ngege hapa upande wa Dunga. Anataka vihisi vya joto na oksijeni vikae mita 3 chini ya maji, vitume vipimo kila robo saa hadi kwa kipokezi kilichofungwa mlingotini, kama mita 4 juu ya maji. Waya hautaki kabisa. Anasema kila siku ya kuvuna, nyavu zikivutwa, waya hukatika na fundi anaitwa tena.

Nimepata redio za aina tatu: megahezi 27, 433 na 868. Ya 868 ndiyo inayonivutia, ni rahisi kupata na antena yake ni fupi kama kidole. Ya 27 naiogopa kwa sababu ya antena. Mita yangu ya mkononi inasema maji yana maikrosimensi 100 kwa sentimita, na joto ni nyuzi 25. Nichague ipi?

Mwanafunzi_Maseno
Fundi, chukua 868 ulale usingizi. Hilo swali tulilifanya darasani. Maji ya Ziwa Viktoria yanapitisha umeme kidogo tu, σ yake ni 0.01 simensi kwa mita. Ukilinganisha mkondo unaopotea na ule unaorudi kila mzunguko, yaani tanjenti ya upotevu, tanδ = σ/(ωε), kwenye megahezi 433 unapata 0.005. Ni ndogo mno, kwa hiyo fomula fupi inatosha:

```
α ≈ (σ/2)·√(μ/ε)
```

Angalia vizuri, ω, yaani masafa, haimo humo. Ukiweka ε ya maji mara 78 ya ombwe, α, yaani kasi ya wimbi kukonda, inatoka 0.21 kwa mita, na umbali wa kufifia ni 1/α, karibu mita 4.7. Ni desibeli 1.85 tu kwa kila mita. Masafa hayana neno, iwe 27 au 868, jibu ni moja.

Baharia_Usenge
Mnajisumbua bure. Mashine yangu ya kutafuta samaki inasoma chini ya ziwa hadi mita 40 na haijawahi kukosa. Mwambie mteja anunue hiyo.

Bi_Mawimbi
Baharia, mashine yako hutumia sauti, si redio. Sauti ndani ya maji husafiri mbali sana, na kama Fundi angekuwa tayari kulipia modemu za sauti tungekuwa na mjadala mwingine. Hapa anauliza redio.

Mwanafunzi, hesabu yako ni safi na fomula ni ya kweli. Shida ni kwamba umepewa σ peke yake ukadhani ndiyo mla mawimbi pekee. Mita ya mkononi ya Fundi hupima kwa masafa ya chini sana, ya kilohezi, kwa hiyo inaona chumvi tu. Haioni molekuli za maji zenyewe. Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi, na wimbi linapopita hujaribu kuigeuza huku na huku. Kwenye masafa ya chini inafuata bila taabu. Masafa yakipanda inaanza kuchelewa kidogo, na kule kuchelewa ndiko kunakogeuza nguvu ya wimbi kuwa joto. Kilele chake kiko karibu na gigahezi 19 kwa maji ya nyuzi 25, lakini mkia wake unashuka hadi kwenye megahezi mnazozungumzia.

Iandikeni hivi, ndipo namba ya wimbi changamano ionyeshe kila kitu mahali pamoja:

```
k = β − jα
k² = ω²·μ·ε0·(ε′ − jε″)
ε″ = σ/(ω·ε0) + sehemu ya molekuli
tanδ = ε″/ε′
tanδ ikiwa ndogo:  α ≈ β·tanδ/2
```

β inakuambia wimbi linajikunja mara ngapi kwa mita, α inakuambia linakonda kwa kasi gani. Ile sehemu ya chumvi katika ε″ hupungua masafa yakipanda, ile ya molekuli huongezeka. Kwa maji ya Dunga zinalingana karibu na megahezi 220. Chini sana ya hapo Mwanafunzi yuko sahihi. Juu ya hapo fomula yake inadanganya, tena inadanganya kwa upande wa matumaini.

Tuchukue 433. Sehemu ya chumvi ni 0.42, ya molekuli ni karibu 1.65, jumla 2.07. Gawanya kwa ε′, yaani 78, tanδ ni 0.0265, mara tano ya ile ya Mwanafunzi. Urefu wa wimbi ndani ya maji ni sentimita 7.8, hivyo β ni 80 kwa mita, na α inakuwa 1.06. Umbali wa kufifia ni sentimita 94, desibeli 9.2 kwa mita.

Kwa 868 molekuli zinatawala kabisa: umbali wa kufifia ni sentimita 28 na unapoteza desibeli 31.4 kila mita. Mita 3 ni desibeli 94 kabla hujafika hata kwenye uso wa maji. Kwa 27, chumvi ndiyo inayotawala na unabaki na mita 4.6.

Mwanafunzi_Maseno
Sasa Madam, bado tanδ ni 0.0265, hiyo ni ndogo sana. Maji yenye upotevu mdogo yanawezaje kuua mawimbi namna hiyo?

Bi_Mawimbi
Kwa sababu tanδ inahesabu hasara kwa kila mzunguko, si kwa kila mita. Kwenye 868 wimbi lina urefu wa sentimita 3.9 tu ndani ya maji. Kila wimbi linaacha kidogo, lakini kwenye mita 3 kuna mawimbi zaidi ya 75 yaliyopangana. Ukitaka kujua umbali, usiitazame tanδ bila β.

Na kwenye 1/α usisahau kwamba hapo ni ukubwa wa wimbi unaobaki asilimia 37. Nguvu hufikia kiasi hicho katika nusu ya umbali huo.

Mama_Vizimba
Mimi nina vizimba Siaya na nimeitumia 433 ya LoRa yenye miliwati 10. Sijui hizo k zenu, lakini namba za kwenye skrini ninazo. Kihisi kikiwa nusu mita chini, kipokezi kikiwa juu yake: −70 dBm. Mita moja: −75. Mita mbili: −84. Mita tatu: −94. Inapokea vizuri.

Jambo lililonitesa ni pembeni. Kipokezi kikiwa juu ya kihisi mambo ni sawa. Mtu akikihamisha hadi kizimba cha tatu, hakuna kitu, na kwa macho ni karibu tu.

Bi_Mawimbi
Mama, umetuletea dhahabu. Kati ya mita moja na tatu umepoteza desibeli 19, yaani 9.5 kwa mita. Hiyo ndiyo α, pamoja na nyongeza ndogo ya mawimbi kutawanyika. Fundi, hivyo ndivyo vya kupimia: shusha kihisi nusu mita nusu mita, chora grafu ya dBm dhidi ya kina. Mstari ukinyooka kwa mteremko wa 9 au 10, ni maji yanayokula. Kama mteremko ni mdogo kupita kiasi, basi wimbi linapanda kwa njia nyingine, mara nyingi kwa waya au kebo ya chuma inayoshikilia kizimba. Na usijaribie kwenye ndoo. Kwenye ndoo, na hata kwenye mita moja ya ziwa, 868 itakuonyesha kila kitu ni shwari.

Hilo la pembeni ni uso wa maji. Ukitoka kwenye maji kwenda hewani, miale iliyoinama zaidi ya digrii 6.5 kutoka wima hurudi yote chini. Kwa hiyo wimbi kutoka mita 3 hutokea kwenye duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 34 tu juu ya kihisi, ndipo litawanyike. Hata lile linalotoka wima hupoteza desibeli 4 na kitu pale mpakani. Weka kipokezi juu kabisa ya kihisi, si pembeni.

Kijana_wa_Nakuru
Na sisi wa Ziwa Nakuru je? Nataka kufanya kitu kama hicho kupima kina cha maji, maana ziwa limepanda na vigingi vya zamani vimemezwa. Nitumie 27 basi?

Bi_Mawimbi
Hapana. Maji ya magadi ni habari nyingine. Tuseme mita yako inaonyesha maikrosimensi 10,000, yaani simensi 1 kwa mita. Kwenye 27, tanδ inafika 8.5. Hapo upotevu si mdogo tena, na fomula fupi haitumiki: ingekupa sentimita 4.7, kumbe hesabu kamili ni karibu 10. Haikuokoi hata hivyo. Kwenye 433 ni sentimita 5. Kwako ni waya hadi boya, antena juu ya maji, basi. Na pima σ siku ya kazi, maana magadi hayo huongezeka na kupungua kadiri ziwa linavyoshuka na kupanda.

Fundi_Dunga
Asanteni. Kwa hiyo 868 imetoka. Lakini mbona hamnisukumii 27, ikiwa mita 3 ni hasara ya desibeli 6 tu?

Bi_Mawimbi
Kwa maji peke yake, 27 inashinda. Robo wimbi ndani ya maji ni sentimita 31, antena inayowezekana. Lakini hiyo ni ikiwa antena inagusana na maji, ikiwa imepakwa plastiki nyembamba. Ukiifungia ndani ya boksi lenye hewa inarudi kuwa fupi mno kwa wimbi lake, na unaweza kupoteza hapo zaidi ya ulichookoa. Kisha mlingotini utahitaji antena ya mita 2.8. Kwa kina cha mita 3 ningechukua 433. Kwa mita 8 ningefikiria upya. Na soma mwongozo wa Mamlaka ya Mawasiliano kuhusu nguvu inayoruhusiwa kabla ya kuagiza.

Mwanafunzi_Maseno
Mimi bado naona 27 ndiyo sahihi hata kwa mita 3. Antena ni tatizo la ufundi, maji ni tatizo la fizikia.

Mama_Vizimba
Mwanangu, njoo uitengeneze hiyo antena ya mita 2.8 juu ya kizimba upepo wa jioni ukivuma. Fundi, chukua 433. Na gugu maji likitanda juu, niambie umeona nini, maana kwangu siku hizo namba hushuka na sijajua kama ni majani yenyewe au ni kizimba kuinama.