Jina la Instagram limechukuliwa baada ya kufuta akaunti: kuomba, kudai au kubadili?

Zainabu_K
Habari wakuu. Akaunti ya duka letu la nguo ilifutwa mwaka jana, na sasa jina lilelile linatumiwa na mtu mwingine. Naona njia tatu: kumwomba, kudai kwa alama ya biashara, au kuchukua jina linalokaribiana nalo. Ipi ina nafuu?

Sauti7
Subiri tu siku 30, jina hujirudia lenyewe.

Tarishi
Hapana, Sauti7, hizo siku 30 ni za kitu kingine. Ukiomba kufuta akaunti, una siku 30 za kuingia tena na kughairi. Zikipita, akaunti haifufuki, na jina likishachukuliwa halina njia ya kurudi lenyewe.

Zainabu, kabla ya kuchagua njia, jua kwanza uko na nani. Fungua ukurasa wake, gusa jina lake juu au vitone vitatu, kisha `About this account`. Tazama `Date joined`. Tuseme akaunti yenu ilifutwa 2024, naye alijiunga 2017. Maana yake alikuwa na jina jingine, akaliacha ili achukue lenu. `Former usernames` nayo ikionyesha kwamba amebadili majina mara kadhaa, huenda ni mtu wa kukusanya majina, na atataka hela. Akiwa alijiunga baada ya 2024 na anaweka picha zake za kawaida, ni mtu aliyekuta jina liko wazi tu. Huyo ndiye wa kuandikiwa kwa heshima. Sehemu hiyo haionekani kwa kila akaunti, kwa hiyo usipoiona soma machapisho yake ya zamani.

Bin_Faraji
Pole dada. Nenda `instagram.com/hacked`, watakurudishia akaunti.

Tarishi
Huo ni ukurasa wa walioibiwa akaunti, ndugu yangu. Hapa hakuna aliyeibiwa. Jina lilikuwa wazi, likachukuliwa.

Mzee_Kanuni
Kuhusu alama ya biashara, watu huichukulia kuwa ni rungu la kila mlango. Fomu inadai alama iliyosajiliwa: namba ya usajili, nchi, na aina ya bidhaa. Nguo ziko daraja la 25. Leseni ya biashara peke yake haitoshi. Na hata ukiwa nayo, unatakiwa kuonyesha kwamba anavyolitumia jina huyo mwenzako kunawachanganya wateja. Akiwa anauza nguo kwa jina hilo, hoja yako ina nguvu. Akiwa ni mpiga picha, au ni jina lake la kuzaliwa, hoja inalegea sana. Tumia barua pepe ya kazi, kwa sababu jina lako na anwani hiyo vinaweza kupelekwa kwa unayemlalamikia.

Jambo jingine: ukishinda, akaunti yake inaweza kufungwa, lakini hiyo si ahadi kwamba jina litakabidhiwa kwako.

Zainabu_K
Asante mzee. Alama hatujasajili. Ila ameacha picha mbili za nguo zetu kwenye ukurasa wake, na nembo yetu.

Mzee_Kanuni
Hapo mambo yamebadilika. Picha zikiwa mlizipiga ninyi, malalamiko ya hakimiliki yataziondoa, ila hayagusi jina. Nembo pamoja na picha zikimfanya aonekane ndiye ninyi, ripoti kama mtu anayejifanya biashara yenu. Hiyo ndiyo inayoigusa akaunti yenyewe. Piga picha za skrini kabla hujamwandikia chochote, maana akishtuka atavifuta.

Kibodi
Akikubali kuliachia kwa hiari, msifanye haraka. Anayebadili jina mara nyingi hupewa siku 14 za kulirudia, kwa hiyo unaweza kuliandika kwenye `Edit profile` likakataliwa ingawa yeye ameshalitoa. Jaribu tena baada ya hapo. Na usimlipe: masharti ya Instagram yanakataza kuuziana majina, hivyo akila hela yako huna pa kulalamika.

Sauti7
Lakini akaunti yake ikilala muda mrefu si wataifuta?

Kibodi
Usiweke mipango ya duka juu ya hilo. Wengine wanasema majina ya namna hiyo yamewahi kuachiliwa, mimi sijaona utaratibu wa kuomba jina la akaunti iliyolala.

Tarishi
Mimi ningeanza leo na njia ya tatu, hizo nyingine ziendelee pembeni. Ongeza neno linalosema mnachouza, kama `mfano.nguo`, badala ya mistari ya chini mfululizo ambayo mteja hawezi kuitamka kwenye simu. Nafasi ni herufi 30. Kisha shughulikia viungo: tovuti, kadi, wasifu wa WhatsApp, na machapisho ya washirika waliowataja. Kila `@` ya zamani inampeleka mteja kwa huyo mwenye jina sasa. Waombe washirika wahariri maelezo ya machapisho yao, mkianza na yale yanayoendelea kuleta wateja.