Kuzungusha picha ya 32 × 32 ndani ya Arduino Uno: njia ipi inafaa?

FundiTaa_Majengo
Habari za Jumapili wakuu. Nina ubao wa taa wa mraba, taa 32 kwa 32, wa duka moja hapa Majengo, Dodoma. Unapitisha jina la mji herufi moja moja, kila herufi inajaza ubao mzima. Tatizo ni kwamba umeshafungwa ukutani kiubavu, sehemu ya juu imeelekea kushoto, na mwenye duka hataki kusikia habari ya kutoboa ukuta tena. Kwa hiyo kila picha lazima niizungushe digrii 90 kufuata mwendo wa saa kabla ya kuionyesha.

Kila taa naiwekea baiti moja, jumla baiti 1024. Uno yangu ina RAM ya baiti 2048 tu. Njia ninazozijua ni tatu: kutengeneza matriksi ya pili na kuhamishia kila kitu huko, kupindua mistari iwe safu kisha kugeuza kila mstari nyuma-mbele, au kuhamisha taa nne nne kwa mzunguko. Mngechagua ipi?

Chilonwa_Boy
Matriksi ya pili, mkuu. Unasoma huku unaandika kule, huwezi kukosea. Hizo nyingine ni mbwembwe za kwenye usaili wa kazi.

mama_kodi
Kaka Chilonwa, 1024 mara mbili ni 2048. Hapo umemaliza kumbukumbu yote, hujaweka hata kigezo kimoja cha lupu. Kwenye kompyuta ya mezani ningekubaliana na wewe bila kubisha, ila kwa Uno njia hiyo imekufa.

Mzee wa Nyikani
Mimi ningefanya nusu ya njia ya pili. Ukishapindua mistari kuwa safu, herufi inakuwa imelala tayari. Nimejaribu na D jioni hii, imetoka sawasawa, mgongo juu na tumbo chini. Hiyo hatua ya kugeuza nyuma-mbele sioni kazi yake.

FundiTaa_Majengo
Mzee, nimeweka hivyo hivyo sasa hivi. D na O ziko vizuri ukutani. Lakini M na A zimesimama kichwa chini! Herufi mbili nzima, mbili mbovu, kodi ile ile. Nianze kushuku waya?

mama_kodi
Waya hauna kosa. Neno lenyewe, DODOMA, ndilo linalokudanganya, na limemdanganya Mzee pia.

Kupindua mistari kuwa safu si kuzungusha. Ni kuikunja picha kwenye mstari wa mshazari, kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kwa hiyo unachopata ni picha ya kwenye kioo. Ukitazama namba inaonekana haraka:

```
1 2 3      1 4 7      7 4 1
4 5 6  ->  2 5 8  ->  8 5 2
7 8 9      3 6 9      9 6 3
```

Mstari wa juu, 1 2 3, ukizunguka kufuata saa unatakiwa uwe safu ya kulia. Baada ya hatua ya kwanza uko kushoto. Hatua ya pili ndiyo inayoupeleka kulia, na wakati huo huo inafuta ule ukioo.

Sasa tazama herufi. Nusu ya juu ya D inafanana na nusu ya chini. Kwa herufi ya namna hiyo, kupindua peke yake kunatoa jibu lile lile la kuzungusha kufuata saa, ndiyo maana Mzee aliiona sawa. M na A zinafanana kushoto na kulia. Hizo zikipinduliwa tu, zinaonekana kama zimezungushwa kinyume cha saa, na kwenye ubao wako zinatoka kichwa chini. O inafanana pande zote, haikuambii chochote. Hakuna herufi hata moja ndani ya DODOMA inayoweza kuonyesha kioo. Jaribu na F au R, utaona mara moja.

Kodi kamili ni hii:

```c
for (int i = 0; i < n; i++)
  for (int j = i + 1; j < n; j++)
    badili(&a[i][j], &a[j][i]);

for (int i = 0; i < n; i++)
  for (int k = 0; k < n / 2; k++)
    badili(&a[i][k], &a[i][n - 1 - k]);
```

`badili` ni ya kuandika mwenyewe, inabadilishana baiti mbili kwa kutumia moja ya kushikilia. Angalia sana hapo kwenye `j = i + 1`. Ukianza `j` kwenye 0, kila jozi itabadilishwa mara mbili na picha itarudi ilivyokuwa. Hatua ya pili itakuachia `3 2 1` kwenye mstari wa juu: haijazunguka kabisa, imegeuka kioo tu. Ukiona hivyo, usihangaike na mahali pengine.

Mzee wa Nyikani
Nimeweka F. Kweli imetoka kama imeandikwa kwa mkono wa kushoto. Sawa, dada.

zabibu_hombolo
Samahani naingilia. Mimi nina picha za droni za shamba la zabibu, 4000 kwa 3000, zimelala. Kodi hii hii nitumie?

mama_kodi
Hapana ndugu yangu. Ya kwako si mraba. Picha ya mistari 3000 na safu 4000 ikizunguka inakuwa mistari 4000 na safu 3000, kwa hiyo `a[j][i]` nyingine hazipo kabisa. Na wewe kumbukumbu unayo tele, tengeneza matriksi ya pili kama alivyosema Chilonwa.

kijana_cive
Mbona hakuna anayeitetea njia ya taa nne nne? Ya mama_kodi inabadilishana mara 496 kwenye kupindua na 512 kwenye kugeuza, kila mara baiti mbili zinaandikwa, jumla 2016. Ya nne nne inaandika kila taa mara moja tu, 1024. Ni nusu ya kazi.

mama_kodi
Hesabu yako ni sahihi. Ila kwa ukubwa huu tofauti ni ya milisekunde, na herufi inakaa ubaoni sekunde nzima. Ninachoiogopea ile ni mipaka ya lupu. Kwa n ya shufwa, lupu zote mbili zinaishia `n / 2`. Kwa n ya witiri, moja lazima iishie `(n + 1) / 2`. Ukisahau, kwenye 5 × 5 taa nane zinabaki bila kuguswa, zinafanya msalaba kuzunguka taa ya katikati.

kijana_cive
Ubao wake ni 32, witiri inatoka wapi?

mama_kodi
Leo ni 32. Mimi nasoma kodi za watu wengine kila siku, acha niogope.

Chilonwa_Boy
Ngoja. Kwa nini azungushe kabisa? Aache picha ilivyo, wakati wa kuwasha taa ya mstari `i` safu `j` asome `a[n-1-j][i]`. Hakuna kinachohamishwa.

mama_kodi
Hilo ni wazo zuri kuliko yote humu, ikiwa kodi ya kuwasha taa ameiandika mwenyewe. FundiTaa, ni yako au ni maktaba ya mtu inayopokea matriksi nzima?

FundiTaa_Majengo
Ni maktaba. Inapokea matriksi nzima na kuichora yenyewe. Nimeweka hatua zote mbili, F imesimama vizuri. Ila nitafungua maktaba usiku nione inaposoma, labda panabadilika.

kijana_cive
Ukifungua, tuwekee hapa huo mstari unaosoma. Bado nasema nne nne.