Pensheni niliyotoa kwa mkupuo imekatwa kodi kubwa

Mama Salma, Leicester:
Hamjambo wapendwa. Nina miaka 61, niliacha kazi mwezi wa tatu na sina kipato kingine. Juni nimetoa paundi 20,000 kwenye pensheni ya kazini, zimebaki kama 26,000. Benki zimeingia 14,871 tu! Baba Salma analipwa pensheni yake kila mwezi na hakatwi hivi. Nimeonewa?

Bakari, Luton:
Pole mama. Robo ya hela unayotoa haikatwi kodi, yaani 5,000. Hizo 15,000 ni asilimia 20, kwa hiyo walipaswa kukata 3,000. Wapigie simu, wamekosea.

Mzee Othman, Cardiff:
Mimi NSSF ya Mombasa walinipa mkupuo wangu, hakuna shida yoyote. Andika barua tu.

Rehema, Manchester:
Shikamoo Mzee. Hiyo ni sheria ya Kenya, ya mama ni ya Uingereza.

Mama, nimefanya kazi ya mishahara miaka mingi, na hili huwapata watu wengi. Tazama karatasi yao ya malipo, nadhani utaona namba ya kodi 1257L M1. Maana yake wamekukata kana kwamba utalipwa hizo 15,000 kila mwezi, mwaka mzima. Kwa hiyo umepewa msamaha, yaani kipato kisichokatwa kodi, wa mwezi mmoja tu, kama 1,048, badala ya 12,570 za mwaka, na kipande cha juu kikafika hadi asilimia 45. Baba Salma analipwa kiasi kilekile kila mwezi, kwa hiyo kwake hesabu inakaa sawa.

Kaka Bakari, robo umesema kweli, ila umesahau msamaha. Kama mama hatapata kipato kingine hadi tarehe 5 Aprili, kodi yake ni asilimia 20 ya 2,430 tu, yaani 486. Anadai zaidi ya 4,600.

Kampuni ya pensheni hairudishi, maana imefuata namba ya kodi iliyopewa. Jaza fomu ya P55 kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Hiyo ni ya aliyetoa sehemu na hatatoa tena mwaka huo wa kodi. Aliyemaliza mfuko wote ana fomu nyingine. Usipojaza, watu wa kodi, HMRC, watapiga hesabu wenyewe mwaka ukiisha, lakini utasubiri.

Mama Salma:
Ni M1 kweli! Asante sana mwanangu. Na hizo 26,000?

Rehema:
Usiziguse mpaka tarehe 6 Aprili, mwaka mpya wa kodi unapoanza. Mtu asiye na kipato kingine anaweza kutoa 16,760 kwa mwaka bila kodi: robo haikatwi, na robo tatu ni 12,570 kamili. Wanaweza kukukata tena mwanzoni, utadai tena. Ukianza kupata pensheni ya serikali mambo yanabadilika, kwa sababu nayo inakula msamaha huohuo, ingawa hailipwi ikiwa imekatwa.

Bakari:
Na akihamia Mombasa kabla hajazitoa?

Rehema:
Hapo kuna mkataba wa kodi wa nchi hizi mbili, na aina ya pensheni inaleta tofauti. Kuna aliyewahi kufanya hivyo humu?