Naomba ushauri: mbwa wa rigi ya Blender anatembea kama nyani

lava_nyeusi (Goma)

Bakubwa, jambo zenu. Natengeneza filamu fupi ya watoto: mbwa anateremka kutoka Himbi mpaka ufukweni mwa ziwa Kivu. Mwanzo anatembea, katikati anaingia troti, na akiona boti anapiga shoti. Rigi iko tayari, kila mguu uko na IK yake.

Nimeanza na kutembea, mzunguko wa fremu 24, filamu ni fremu 24 kwa sekunde. Nilitengeneza mguu wa nyuma kushoto, kisha nikanakili fremu kuu zake kwenye miguu mingine na kuzisogeza. Miguu inakanyaga chini hivi: nyuma kushoto fremu 1, mbele kulia fremu 7, nyuma kulia fremu 13, mbele kushoto fremu 19. Nilisoma kwamba wanyama wa miguu minne wanatembea kimshazari, ndiyo maana nikapanga hivyo.

Kila anayeangalia anasema kuna kitu hakikai sawa, na mtoto wa dada yangu aliuliza kama ni nyani. Tena makucha yanateleza chini. Hesabu ya kutembea iko wapi na kosa, na nikifika kwenye troti na shoti nibadilishe nini?

Kiboko243

Ndugu, rahisi. Miguu ya mshazari inaenda pamoja, nyuma kushoto na mbele kulia. Kwenye troti inagusa chini kwa wakati mmoja. Kwenye kutembea unaichelewesha kidogo tu ule wa mbele, fremu 2 hivi. Wewe umeuchelewesha fremu 6, imekuwa nyingi. Punguza.

mifupa_na_viungo (Bukavu)

Kaka lava_nyeusi, mtoto wa dada yako ana jicho. Mpangilio ulioandika, nyuma kushoto, mbele kulia, nyuma kulia, mbele kushoto, ndio nyani wengi wanatembea nao. Mbwa, farasi, mbuzi na ng'ombe wanakwenda hivi: nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia. Mguu wa mbele unafuata mguu wa nyuma wa upande ule ule, robo ya mzunguko baadaye.

Angalia mguu wako wa mbele kushoto. Uko kwenye fremu 19, na kwa mzunguko wa 24 hiyo ni sawa na kuurudisha fremu 6 kabla ya ule wa nyuma. Ulitakiwa kuupeleka fremu 6 mbele, ukanyage kwenye fremu 7. Umesogeza kushoto badala ya kulia. Kwenye Dope Sheet chagua fremu kuu za miguu miwili ya mbele, bonyeza `G`, andika `12`, na kila mmoja utakaa mahali pake.

Unaweza kuona kwa macho kwa nini mwili wa mbwa unakataa mpangilio wako. Tuseme kila mguu unakaa chini fremu 15 na hewani fremu 9. Kwako mbele kushoto inakanyaga fremu 19 na kuinuka fremu 34, yaani fremu 10 ya mzunguko unaofuata. Lakini nyuma kushoto inafika chini fremu 1, na mguu wa mbele wa upande ule bado umesimama palepale. Wa nyuma unaukanyaga wa mbele kisigino. Kwa mpangilio sahihi mbele kushoto inakanyaga 7 na kuinuka 22, halafu nyuma kushoto inashuka 25. Wa mbele umeshaondoka fremu 3 kabla, nafasi iko wazi. Ukimwangalia mbwa kutoka ubavuni, ile miguu miwili ya upande mmoja inakaribiana chini ya tumbo kisha wa mbele unakimbia. Simamisha picha hapo. Usipoiona hiyo hali, namba ziko vibaya.

Ndugu Kiboko, kwamba jozi za mshazari zinakaribiana umesema kweli, ila umegeuza nani anatangulia. Wa mbele ndio unatangulia wa nyuma. Ukiuchelewesha fremu 2 unarudi upande wa nyani, ukiutanguliza fremu 2 unapata mbwa mwenye haraka ambaye bado hajaingia troti.

Kiboko243

Hapo nimekuelewa. Mimi nilikuwa naanza na troti kisha naachanisha jozi, sikuwa naangalia inaachana kwenda upande gani.

Bkv_Mbuzi

Mimi niko na mbuzi kwenye mchezo wa simu na tatizo langu ni lile la kuteleza. Anatembea palepale, injini ndiyo inamsukuma mbele. Nimebadilisha spidi mara nyingi, bado anateleza kama yuko kwenye matope. Mpangilio wa miguu nafikiri uko sawa. Je, ni rigi?

mifupa_na_viungo (Bukavu)

Siyo rigi, dada. Na jibu ni hilo hilo kwa mbwa wa Goma, kwa hiyo nalifanyia hesabu hapa.

Mguu uliokanyaga hausogei juu ya ardhi. Kwa mnyama anayetembea palepale, maana yake ni kwamba kanyagio linarudi nyuma kwa mwendo ule ule ambao mwili ungeenda mbele, bila kuongeza wala kupunguza. Chukua mbwa anayekwenda sentimita 72 kwa mzunguko wa fremu 24. Hiyo ni sentimita 3 kwa kila fremu. Mguu unakaa chini fremu 15, basi tangu unapogusa mpaka unapoinuka urudi nyuma sentimita 45 kamili. Ukiweka 30, atateleza hata kama kila kitu kingine ni kizuri. Watu wengi wanapima hatua nzima, 72, na kuilazimisha ndani ya muda wa kukanyaga. Hapo mguu unavutwa kupita uwezo wa goti.

Kosa la pili liko kwenye Graph Editor. Blender inaweka Bezier yenyewe kati ya fremu kuu, kwa hiyo kanyagio linaanza polepole, linakimbia katikati, kisha linapunguza. Ardhi haifanyi hivyo. Kwa sehemu ya kukanyaga tu, kwenye mhimili wa mbele-nyuma, chagua fremu kuu, bonyeza `T`, weka Linear. Sehemu ya hewani iachie Bezier. Dada, kwenye mchezo gawanya spidi ya injini kwa idadi ya fremu kwa sekunde uone kama inapatana na kurudi kwa mguu. Naamini hazipatani.

lava_nyeusi (Goma)

Nimesogeza 12. Tofauti ni kubwa sana, asante yaya. Nimepita fremu moja moja: kwenye 2 miguu mitatu iko chini, kwenye 5 miwili ya mshazari, kwenye 8 mitatu, kwenye 11 miwili ya kushoto. Ndivyo inavyotakiwa?

mifupa_na_viungo (Bukavu)

Ndivyo. Tatu, mbili, tatu, mbili, na zile mbili zinabadilishana, mshazari kisha upande. Kwenye kutembea mbwa hawezi kuwa hewani wala kubaki na mguu mmoja.

Sasa troti. Usianze faili mpya. Kutembea na troti zinatofautishwa na namba moja: mguu wa mbele unachelewa kiasi gani baada ya ule wa nyuma wa upande wake. Mzoolojia Milton Hildebrand alipanga miendo ya wanyama kwa namna hii miaka ya 1960, na kwa mtu wa rigi sijaona njia bora zaidi.

```
# wakati wa kugusa chini, sehemu ya mzunguko
# NK nyuma kushoto, MK mbele kushoto, NL nyuma kulia, ML mbele kulia
chelewa = 0.25   # kutembea; 0.50 ni troti
NK = 0.0
NL = 0.5
MK = (NK + chelewa) % 1
ML = (NL + chelewa) % 1
```

Weka 0.50 na jozi za mshazari zinagusa pamoja. Weka 0 na miguu ya upande mmoja inakwenda pamoja, kama ngamia. Weka 0.75 na unarudi kwa nyani wako wa jana. Kwa troti fupisha pia mzunguko uwe fremu 12: jozi ya kwanza inagusa fremu 1 na kuinuka 6, ya pili inagusa 7 na kuinuka 12. Kati yao mbwa yuko hewani kidogo mara mbili.

Kiwiliwili ndicho watu wanakisahau. Kwenye kutembea bega linafika juu kabisa wakati mguu wa mbele umesimama wima chini yake, kwa sababu mguu ni mnyoofu na mwili unapita juu yake. Kwenye troti ni kinyume: wakati jozi iko katikati ya kukanyaga, viungo vimekunjika na mwili uko chini kabisa, halafu unarushwa. Ukihamisha mpando wa kutembea kwenye troti bila kuugeuza, mbwa ataonekana hana uzito.

Palefrenia_Lushi (Lubumbashi)

Mimi siyo mtu wa kompyuta, nahudumia farasi wa kupandwa hapa Lubumbashi, kijana wangu ndiye kanionyesha huu uzi. Sisi mwendo tunausikia kabla ya kuuona. Kutembea ni midundo 4 iliyo sawa. Troti ni 2. Galopu ya taratibu ni 3, kisha kimya. Shoti kamili ni 4 tena, lakini imebanana, kisha kimya. Weka sauti kila kwato linapogusa, ufumbe macho. Kutembea kukisikika tak-tak, kimya, tak-tak, robo zako haziko sawa.

Na tafadhali, msimwinue farasi hewani akiwa amenyoosha miguu mbele na nyuma. Wachoraji wa zamani walimchora hivyo. Picha za Muybridge za 1878 zilionyesha kwamba farasi yuko hewani miguu ikiwa imekusanyika chini ya tumbo.

mifupa_na_viungo (Bukavu)

Mzee, umeniondolea kazi. Naongeza tu kwamba hiyo ni ya farasi. Mbwa mwenye kasi anakuwa hewani mara mbili: amekusanyika, na pia amenyooka, kwa sababu mgongo wake unakunjika na kunyooka, wa farasi ni mgumu. Mpangilio nao unatofautiana. Farasi: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Mbwa anazunguka: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, mbele kushoto.

Ile namba moja ya `chelewa` haifai tena hapa, maana miguu miwili ya nyuma haiko tena nusu mzunguko mbali, imefuatana. Kwa mbwa wako jaribu fremu 10: nyuma zinagusa 1 na 2, mbele zinagusa 5 na 6, kila mguu unakaa chini fremu 2. Kwenye 4 hadi 5 amenyooka hewani, kuanzia 8 mpaka 11 amejikunja hewani. Mgongo ufuate hivyo hivyo.

Kiboko243

Lakini nimerekodi mbwa wa jirani kwa simu, mwendo wa polepole. Anakimbia kwa mpangilio wa farasi!

mifupa_na_viungo (Bukavu)

Inawezekana kabisa, hasa akiwa hajashika kasi. Mbwa wanatumia yote mawili. Kwa shoti kali mimi naweka wa kuzunguka. Kwa mwendo wa kati siwezi kukulazimisha, fuata video yako.

lava_nyeusi (Goma)

Basi nimebaki na sehemu za kuungana. Kutoka kutembea kwenda troti nimepandisha `chelewa` kutoka 0.25 mpaka 0.50 ndani ya mizunguko miwili, nikafupisha mzunguko pamoja, na inapita vizuri. Kutoka troti kwenda shoti nimekwama. Mguu wa nyuma kulia lazima uruke nusu mzunguko uje karibu na mwenzake, na popote ninapoukatia unaonekana umepiga hatua ya ziada. Kuna aliyewahi kurekodi mbwa akibadilisha hapo hapo, tuhesabu fremu?

Palefrenia_Lushi (Lubumbashi)

Farasi tunambadilisha kwenye kona, mguu wa mbele wa ndani ndio unaongoza. Asubuhi kijana atarekodi kutoka ubavuni, nitamwambia aweke hapa. Ya mbwa sina.

Bkv_Mbuzi

Spidi ya injini ilikuwa haipatani na mguu, karibu mara mbili. Mbuzi amesimama sawa sasa. Hiyo video ya farasi nami naingoja.