Mrejesho: ile kazi ya kutafsiri fomu ya maneno 9,000 kutoka Kiingereza hadi Kiswahili

Niliuliza: "Mteja anataka sentensi zinazojirudia ziwe bure, nimchaji aje?"

Wasee asanteni, bei imepita. Nilihesabu maneno ya Kiingereza, si ya Kiswahili, mapya 6,600 kwa bob 5 ni 33,000, marudio 2,400 nikayaweka bob 1.50 ni 3,600. Bure nilikataa, juu "Select one" ikihusu kituo ni chagua kimoja, ikihusu mtoto ni mmoja, so lazima nisome kila mahali inarudi. Fomati nilipima na peji moja yenye jedwali, ikakula dakika 12, peji ni 30, hizo ni saa 6 za bob 1,000. Jumla 42,600. Mteja alinung'unika hadi nikamwonyesha hiyo kimoja na mmoja, akasaini.