Naomba ushauri: wanajua wasichokijua, lakini hawakisomi

Walimu wenzangu, habari za kazi. Nafundisha Sayansi darasa la sita. Kabla ya jaribio la mmeng'enyo wa chakula, niliwaomba wanafunzi waandike alama wanazotarajia. Waliosoma kwa kurudiarudia daftari wengi waliandika 8 kwa 10, wakapata 4 au 5. Naamini maneno yakishazoeleka machoni, mtoto hudhani ameelewa.

Nikabadili utaratibu: kesho yake baada ya kusoma, wanafunga daftari, wanaandika wanachokumbuka, ndipo wanakadiria. Sasa makadirio yanakaribia alama halisi, na hilo limenifurahisha sana.

Nimekwama hatua inayofuata. Mtoto anasema wazi kwamba kazi ya nyongo na utumbo mwembamba haijamkaa, lakini akijisomea jioni anaanza na aina za meno, anazozijua tayari, tena kwa kunakili. Nimewapa karatasi ya kupanga masomo. Wanaijaza ili kuniridhisha tu.

Naombeni msaada: mnafanyaje ili kadirio la mtoto ndilo liamue aanze na nini? Na kwa darasa la watoto 70, mipango hiyo niikague mwenyewe au wakaguane wawili wawili?