Tupeane uzoefu: achari ya embe ya kulia wali maharage, mbona inaota ukungu?

Wakuu, heshima kwenu. Mimi niko Majengo, Moshi. Nyumbani wali maharage ni karibu kila siku, na watoto wameanza kuususa. Desemba nikaona nitengeneze achari ya embe mbichi. Nilinunua embe pale Mbuyuni, nikakata, nikatia chumvi, nikaanika. Nusu siku mvua ikashuka, nikaingiza ndani, nikakaanga viungo na kujaza chupa mbili. Wiki ya pili nafungua moja, juu kuna manyoya ya kijani. Chupa nzima nikamwaga, roho inaniuma. Wenzangu mnafanyaje?

Mama wa Sakina, Arusha:
Pole sana, mdogo wangu. Nusu siku ya jua haitoshi, hapo ndipo kosa lilipoanzia. Mimi kwa kilo moja ya vipande, kokwa nimeshatoa, natia vijiko vitatu vikubwa vya chumvi, naacha mpaka asubuhi. Utakuta maji yamejaa chini ya bakuli. Yachuje yote, kisha tandaza vipande kwenye ungo, kila kimoja kikae peke yake. Usihesabu siku, tumia vidole: bana kipande, kikitoa hata tone rudisha juani. Kikiwa tayari kingo zimejikunja na kidole hakilowi.

Mafuta ya alizeti pasha mpaka yapate moto sawasawa, zima jiko, subiri yapoe kidogo ndipo utie pilipili ya kusaga na manjano. Ukitia yakiwa ya moto sana pilipili inaungua, achari inakuwa nyeusi na chungu. Uwatu kijiko kidogo kimoja tu, nao ukiuunguza hauna dawa. Halafu siki, robo lita. Changanya, jaza chupa, hakikisha mafuta yamefunika embe kwa upana wa kidole. Acha wiki moja kabla ya kula.

Kaka wa Njiro:
Tatizo ni hewa tu. Mwaga mafuta mengi, funga kifuniko kwa nguvu, huoni ukungu hata mwaka.

Mama wa Sakina:
Mafuta yanasaidia kweli, mwanangu, maana ukungu unataka hewa. Lakini embe likiwa na maji, yale maji yanatoka taratibu humo ndani, chumvi na siki vinapungua nguvu, na kipande kimoja kikielea juu ya mafuta ndiyo mwanzo. Tena usitegemee mafuta peke yake ukiweka kitunguu saumu. Kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta matupu kinaweza kufanya sumu usiyoiona wala kuinusa. Mimi nakiloweka kwanza kwenye siki usiku kucha, na achari yake naiweka kwenye friji.

Dada wa Kiboriloni:
Yangu inatoa maji kila siku! Nakata nyanya na vitunguu, natia chumvi na ndimu, watu wakikaa mezani imeshakuwa supu.

Muuza chakula wa Kilombero:
Dada, hiyo ni kachumbari, hapa wanaongelea achari. Ila nikusaidie: kitunguu kisugue na chumvi, kioshe, kikamue. Nyanya toa mbegu na ule ute. Chumvi na ndimu tia sahani zikiwa zimeshapakuliwa. Mimi kwenye banda langu nakata mapema, chumvi inasubiri mteja.

Kwenye achari niongeze moja. Wateja walikuwa wanachota na kijiko walichokwisha kulia maharage. Chupa haikumaliza siku nne. Sasa natoa kidogo kwenye kibakuli, na kijiko cha chupa hakiguswi na maji.

Mzee wa Soweto, Moshi:
Wakati wa mvua sianiki. Mama watoto anachemsha vipande kwenye siki na chumvi na sukari kidogo, dakika chache, anajaza chupa vikiwa vya moto. Ni laini zaidi, lakini haijawahi kuota.

Mama wa Sakina:
Sukari kwenye achari mimi hapana, mzee wangu. Hiyo naiita chatne.

Mzee wa Soweto:
Iite utakavyo, mama, na kande inashuka.

Mwanzisha mada:
Asanteni. Ile chupa ya pili bado ipo, juu haina kitu. Nimebana kipande kimoja, kimetoa maji. Nikiongeza siki itafaa, na ikija kuota nikwangue juu tu?

Mama wa Sakina:
Kama haina ukungu wala haitoi povu, chuja, chemsha na siki mpya kama mzee alivyosema, weka kwenye friji na mle ndani ya wiki. Ukiona hata doa moja la manyoya, mwaga yote. Mizizi yake inashuka chini usikoiona. Na usichemshie sufuria ya alumini, siki inaila.

Mwanzisha mada:
Nimeikagua tena kwenye mwanga. Chini ya kifuniko kuna doa. Inaenda.